Nimeng'olewa jino zima, lenye ufa limebaki mdomoni! Meno yanapimwaje hapa Mwanza?

Mzee wa Dagaa:

Wakuu, leo sina salamu. Miezi minne nahangaika na jino moja.

Ilianza Kirumba, nakula ugali na dagaa. Dagaa wa kuanikwa mchangani mnawajua. Nikauma chembe, nikasikia "ka!" Tangu siku hiyo gego la chini kushoto, lile nililoziba zamani kwa risasi, likawa na vituko: nikiuma, haliumi. Nikiachia tu, linapiga kama shoti ya umeme, halafu kimya. Ugali hauna shida, karanga ndiyo balaa.

Zahanati ya kwanza neno "nikiachia" nimelitamka mara tatu. Hakuna aliyeliandika. Eksirei, "picha safi mzee", antibaiotiki, nenda zako. Ya pili wakatazama picha ileile, wakasema mkosaji ni gego la mwisho, limeota kiupande. Wakaling'oa! Kidonda kikapona, nikatafuna karanga, nikaachia: shoti ileile, mahali palepale.

Ya tatu nikampata binti mmoja, daktari. Akatoa kijiti cha plastiki, akakiweka juu ya nundu moja ya jino: "Uma kwa nguvu. Achia." Kimya. Nundu ya pili, kimya. Alipofika ya nyuma upande wa ulimi, niliachia nikaruka kwenye kiti. Haikufika dakika tano! Akagusisha kitu cha baridi, likauma likatulia papo hapo. Akaitoa ile risasi, akamulika taa ubavuni: mwanga unafika kwenye mstari mwembamba unakatika, ng'ambo giza. Ufa huo.

Kanivisha pete ya chuma kuzunguka jino, nirudi baada ya wiki 3. Sasa anataka sh. 400,000 za kofia. Nauliza kwa hasira: kama ufa upo, picha ilinificha nini? Na nikitoa hela hizo, nina uhakika gani?

Mpiga Kasia:

Mkuu unaibiwa. Neva ndiyo inayouma. Waambie waiue, wazibe, basi. Mimi niliuliwa neva, jino halijaniuma tena.

Mama Nyegezi:

Pole baba. Na mimi nikinywa soda baridi meno yote ya mbele yananisisimka, kumbe ni ufa? Niende nikavishwe pete?

Nipo Kliniki:

Mama Nyegezi, meno mengi kwa pamoja na baridi tu, hiyo mara nyingi ni fizi kushuka au meno kulika kwa mswaki mgumu. Ufa huchagua jino moja, na hujitaja unapotafuna.

Mzee, picha haikudanganya. Ufa wa gego kwa kawaida unatoka mbele kwenda nyuma, na mionzi inapigwa kutokea shavuni. Tazama ubao uliopasuka kwa ubapa wake, huoni mpasuko. Ndiyo maana kijiti kinashinda mashine. Ukiuma, vipande viwili vinaachana kidogo. Ukiachia vinarudiana ghafla, majimaji ndani ya jino yanasukumwa, neva inashtuka. Antibaiotiki haina kazi hapo.

Mpiga Kasia ana nusu ya ukweli. Ukiua neva shoti itaisha, lakini ufa unabaki na utaendelea kufunguka kila ukitafuna, sasa bila kukuonya. Jino la namna hiyo huja kupasuka katikati. Kofia inazifunga nundu zote zisiachane. Neva inashughulikiwa kama baridi inaacha maumivu yanayokaa muda mrefu, au jino linakuamsha usiku lenyewe. Hapo unasafishwa mizizi, na kofia bado inafuata.

Pete ndiyo jaribio lako. Ulipovishwa, shoti imepungua?

Mzee wa Dagaa:

Siku ya pili tu ilikwisha. Ila natafunia kulia.

Nipo Kliniki:

Tafunia kushoto vitu laini, la sivyo hujaijaribu. Halafu muulize kama alipima fizi kuzunguka jino. Kifaa kikizama sana mahali pamoja pembamba, ufa umeshuka kwenye mzizi, na hapo ningekuambia usitoe hiyo laki nne, utaishia kung'oa.

Mzee wa Dagaa:

Alipima, akasema kuzunguka kote ni sawasawa. Kwa hiyo kofia ni uhakika?

Nipo Kliniki:

Hapana. Mwisho wa ufa hauonekani kwa macho. Wengine wanavaa kofia, baada ya miezi neva inaanza kufa, kofia inatobolewa mizizi isafishwe. Jino lako lina dalili nzuri, zaidi ya hapo nitakudanganya.

Mpiga Kasia:

Si nilisema? Mwisho wa yote neva!

Mzee wa Dagaa:

Wewe kasia lako kalipige Kamanga. Jumatatu narudi kwa yule binti, nikitokea huko napitia zahanati ya pili. Gego langu la mwisho nani atalilipa?