Fundi alituchagulia jina lenye kistari kwa sababu nukta com ilikuwa imechukuliwa, na barua za wateja wetu zikaenda kwa watu wengine

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa Tukuyu, wilayani Rungwe, na hasira niliyo nayo sitaificha. Sisi ni kikundi cha wakulima kumi na mmoja wenye kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass, na wateja wetu karibu wote wako Njombe, Mufindi na Mbozi. Jina la kikundi sitaliandika, kwa kuwa aliye nalo kwenye nukta com hana kosa lolote na sitaki asumbuliwe. Hapa nitaliita `jinaletu`.

Mwaka jana tulimwendea fundi wa tovuti pale Mbeya mjini. Alitafuta `jinaletu.com` akakuta imeshachukuliwa na kampuni ya samani iliyoko nje ya nchi, kampuni inayofanya kazi kweli na yenye tovuti yake. Akatuwekea mezani njia mbili: tubaki na jina letu kamili na kubadilisha mwisho, yaani `jinaletu.co.tz`, au tubaki na nukta com na kuligusa jina kidogo, yaani `jina-letu.com`. Mimi nilitaka ya kwanza. Yeye alishikilia ya pili, akasema kwamba nukta com ndiyo inayojulikana duniani, na kwamba kistari ni kitu kidogo ambacho mteja atakizoea. Tulimwamini kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Tukachora kibao cha barabarani, tukachapisha kadi na vitabu vya risiti, vyote vikiwa na anwani yenye kistari.

Mwezi wa kumi, wakati watu wanapoagiza miche ili iwahi mvua, simu zilianza kuja za wateja wanaolalamika kwamba tumewapuuza. Nilikataa kuamini hadi mama mmoja kutoka Makambako alipokuja mwenyewe kitaluni, akafungua simu yake na kunionyesha barua aliyotutumia wiki tatu nyuma, ya kuagiza miche 1,200. Nilisoma anwani herufi kwa herufi: `info@jinaletu.com`. Kistari hakikuwepo. Nikamuuliza aliipata wapi anwani hiyo, akasema, "Si wewe uliyenitajia kwenye simu?" Ni kweli nilimtajia, na ninakumbuka nilisema "dashi", na yeye alidhani nimesita tu katikati ya maneno. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshachukua miche kwa mtu mwingine.

Jambo lililoniuma zaidi nililigundua baadaye. Mteja mwingine aliposikia "dashi" aliandika ule mstari wa chini, na barua yake ikarudishwa papo hapo, akapiga simu, tukamwuzia. Aliyekosea zaidi ndiye aliyefanikiwa, na aliyekosea kidogo alipotea, kwa sababu kosa lake dogo lilikuwa na mwenyewe wa kulipokea. Mimi mwenyewe nilituma barua kwa `hayupo12345@jinaletu.com`, anwani ambayo haiwezi kuwa ya mtu, na siku mbili zikapita bila kurudishwa. Maana yake ni kwamba seva ya kampuni ile inapokea chochote kinachoandikiwa jina lake, iwe kuna mtu huyo au hakuna.

Kwa hiyo malalamiko yangu kwa mafundi wa tovuti ni haya. Mnapomwambia mteja kwamba jina limechukuliwa, mnaishia kumtafutia lililo wazi, na hakuna anayemwambia ni nani atakayekuwa jirani yake na kama jirani huyo anapokea barua. Fundi wetu angeweza kujua hilo kabla hatujalipa hata shilingi moja. Nilipomrudia aliniambia kwamba tatizo ni wateja wetu kutokujua kuandika. Wateja wetu wanajua kuandika; walichoandika ndicho walichosikia.

Ninaomba wenye ujuzi mniambie: je, tungechukua `.co.tz` tungeepuka haya? Na sasa tufanye nini?

Mkulima wa Wanging'ombe: Pole sana, ndugu. Mimi pia niliwahi kuwaandikia watu wa vitalu bila kujibiwa. Naomba kujua mche mmoja mnauza bei gani kwa sasa, na kama mnaleta hadi Ilembula.

Mwanzisha uzi: Ndugu, nitakutumia bei faraghani. Hapa ninaomba tubaki kwenye suala la jina.

Mzee wa Mafinga: Kijana, usinyong'onyee. Kama jina lenu limesajiliwa BRELA, hilo ni jina lenu kisheria. Andikeni barua kwa wanaosimamia majina ya mtandao, wawanyang'anye wale wa samani na kuwapa ninyi. Nimesikia makampuni makubwa yakirudishiwa majina yao namna hiyo.

Fundi Mitambo, Uyole: Mzee wangu, shikamoo. Ulichosikia ni kweli, ila hakiwafai hawa. Utaratibu huo upo tangu 1999 chini ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya mtandao duniani, na mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliye nalo hana haki wala sababu halali ya kulitumia, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA si kitu kimoja na alama ya biashara. Hata kama wangekuwa na alama, watu wa samani wanauza samani zao kwa jina lao wenyewe na pengine hawajui kama Tukuyu ipo. Hapo nia mbaya haipatikani.

Sasa nikujibu wewe mwenye uzi. Hasira yako ina haki, lakini `.co.tz` isingekuponya kabisa. Wapo watu ambao mkono wao unaandika com kabla masikio hayajamaliza kusikiliza, na hao wangefika kwa jirani yako huyo huyo. Wapo pia wanaoishia kwenye "nukta co" na kusahau tz, na mwisho wa `.co` peke yake ni wa Kolombia. Hata hivyo, ningekuwa mimi nisingekupa kistari, na sababu yangu ni kwamba kistari hakisikiki. Ukitaja jina redioni, kwenye simu au ndani ya basi, msikilizaji hana namna ya kukipata isipokuwa umsimamishe na kumweleza. Vivyo hivyo kuongeza herufi moja au kurudia irabu. "Nukta tz" inasikika, na aliyekosa kuisikia ni kwa sababu hakusikiliza hadi mwisho. Kwa kistari, hata msikilizaji makini anapotea.

Kuhusu jirani, umesema sawa kwamba fundi wako angeweza kujua mapema. Amri ni hii:

```
nslookup -type=mx jinaletu.com
```

Ikileta mstari wenye `mail exchanger`, basi jina hilo limewekewa seva ya barua. Lakini mstari huo ukikosekana usishangilie, kwa sababu barua bado inaweza kujaribu kufika kwenye seva ya tovuti yenyewe. Jaribio lako la anwani isiyo ya mtu ni zuri, ila nalo lina mpaka: seva nyingine hupokea barua kisha huitupa kimya kimya. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba watu wa samani wanasoma maagizo yenu. Unachojua ni kwamba mtumaji hapewi taarifa.

Mama wa Kihesa, Iringa: Mimi nina nyumba ya wageni, na yangu yalikuwa tofauti kidogo. Nukta com ilikuwa imechukuliwa, nikaongeza herufi tz mwishoni mwa jina, kisha nukta com. Wageni wakawa wanageuza, wanaandika jina bila tz halafu `.co.tz`. Bahati nzuri hiyo ilikuwa haijachukuliwa na mtu, nikainunua siku ile ile na kuielekeza kwenye tovuti ya kwanza. Tangu hapo ninalipia mbili kila mwaka, na sijajuta. Kwa nini ninyi msinunue `jinaletu.co.tz` sasa hivi na kuacha hiki cha kistari kife?

Fundi Mitambo, Uyole: Dada, kununua ni sawa, lakini kukiacha kife hapana. Kadi na risiti ziko mikononi mwa watu. Jina lenye kistari likiisha muda wake na kurudi sokoni, mtu yeyote anaweza kulichukua na kuanza kupokea barua zinazoandikiwa kikundi, pamoja na zile za kubadilisha nywila za akaunti zilizofunguliwa kwa anwani ile. Walilipie kwa miaka kadhaa, tovuti yake ielekezwe kwenye jina jipya, na barua za majina yote mawili ziingie kwenye sanduku moja. Kwanza kabisa wahamishie akaunti zao zote kwenye anwani mpya.

Na kama watachora kibao upya kwa vyovyote, mimi ningewashauri waongeze neno zima, linalosikika, kisha `.co.tz`. Tuseme `jinaletutukuyu.co.tz`. Faida yake ni kwamba mteja akikosea na kuandika nukta com mwishoni, na hiyo ikiwa haina mwenyewe, ataangukia mahali patupu na barua itarudishwa, kama ilivyomtokea yule wa mstari wa chini. Au wainunue na ile nukta com pia, wakiitazama na kuikuta iko wazi.

Mwanzisha uzi: Ninashukuru, mkuu, na hoja ya mahali patupu nimeielewa vizuri. Ila nimeliandika jina hilo kwenye karatasi na kumpa mwekahazina wetu asome, akakwama pale jina letu linapoungana na Tukuyu, hakujua neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Na wenzangu wawili wanasema tukiweka Tukuyu, watu wa Mbozi watadhani hatuuzi nje ya wilaya.

Fundi Mitambo, Uyole: Hilo la kusomeka ni kweli, sikuliona. Basi tangulizeni kazi yenu: `michejinaletu.co.tz`. Lakini mpigieni simu mtu asiyewajua, mumtajie mara moja tu, kisha mumwombe awatumie barua. Fanyeni hivyo kwa watu kama watano kabla ya kulipa.

Mzee wa Mafinga: Mimi bado ninaona jina lenu kamili, bila kuongeza neno, ndilo lenye heshima. Chukueni `jinaletu.co.tz`, na hao wa samani muwaombe kwa upole wawe wanawarushia barua zinazopotea.

Mwanzisha uzi: Mzee, barua ya maombi kwa watu wa samani nimeshaituma leo asubuhi, na ninasubiri. Kistari tumekilipia miaka mitatu mbele. Kati ya `jinaletu.co.tz` na lile lenye neno miche hatujaafikiana. Kikundi kinakaa Jumamosi, na nitawapigia watu watano kama nilivyoelekezwa, wawili Njombe na watatu Vwawa. Kibao cha barabarani nimekifunika kwa gunia tangu jana, na mchoraji anasubiri herufi.