Sampuli, dekanti au tugawane chupa moja? Naomba ushauri kabla ya kulipa

Chembe77
Wakuu, kuna marashi nayataka na bado sijaamua. Njia ni tatu: sampuli ya kiwandani ya mililita 2, dekanti ya mililita 10, yaani kichupa ambacho muuzaji amekijaza kutoka chupa kubwa, au kugawana chupa nzima na wenzangu. Ipi ina manufaa zaidi? Na mkigawa, mnafanyaje ili yasiharibike?

BiKidosho
Sampuli kwanza. Mpulizo mmoja ni kama mililita 0.1, kwa hiyo mililita 2 ni mipulizo ishirini hivi, zaidi ya wiki moja ya kujaribu. Ikipita siku ya tatu huyapendi, umeokoa hela.

FundiMrija
Chembe, umeacha mambo yanayoamua kila kitu. Chupa ni ya ukubwa gani, mpya au imeshatumika? Mnagawana wangapi? Na kubwa kuliko yote: pampu inafunguka kwa kuzungusha au imebanwa shingoni kwa kola ya chuma? Bila hayo tutakupa majibu ya hewani.

Mzee_Spiriti
Aina ya pampu si tatizo. Fungua, vuta kwa bomba la sindano, jaza, maliza. Ila chombo kikiwa na hata tone moja la maji chupa nzima imekufa, itaweka ukungu.

FundiMrija
Mzee, kwa maji una haki nusu. Marashi mengi ya spiriti yana maji kidogo tangu kiwandani, kwa hiyo tone moja kwenye mililita 10 mara nyingi halionekani. Ukungu unakuja vichupa vikioshwa bombani na kujazwa vikiwa bado na majimaji. Maji yakizidi, mafuta ya harufu yanashindwa kuyeyuka na marashi yanaacha kuwa angavu. Ndiyo maana spiriti ya asilimia 70 haifai kusuuzia, karibu theluthi yake ni maji. Tumia isopropili ya asilimia 99 au ethanoli ya 95, halafu acha chombo kikauke wazi mpaka ukinusa husikii kitu.

Kwa kufungua, hapana. Kola iliyobanwa haizunguki. Ukiing'oa kwa koleo, shingo inaweza kupasuka na vipande vya kioo vikaingia ndani, na hata ikitoka salama huwezi kuirudisha ikabana kama mwanzo.

Chembe77
Samahani wakuu. Chupa ni ya mililita 100, ni ya mmoja wetu, ameshatumia kama robo. Tuko wanne pamoja naye. Kola ni ya chuma na haizunguki, nimejaribu.

Jasmini_Usiku
Mimi ninagawa marashi ya mafuta kwa kitone cha kioo na sijawahi kupata shida. Mbona mnahangaika na mirija?

FundiMrija
Dada Jasmini, ya mafuta ni mazito, hayana spiriti na chupa yake ina mdomo wazi, kitone kinafaa kabisa. Ya Chembe ni ya kupulizia na mdomo umefungwa, kitone kitapita wapi?

Chembe, kwa hali yako msiingize kitu chochote ndani ya chupa mama. Toeni marashi kwa pampu yake yenyewe. Shika kitufe cha kupulizia kwa kitambaa, kivute juu moja kwa moja bila kukipindisha. Chini yake utaona kijiti chembamba. Vesha hapo kipande kifupi cha mrija laini wa silikoni unaobana, upande wa pili uingie kwenye kichupa kipya mpaka karibu na kitako. Kisha shika mrija pale ulipokivaa kijiti na usukume chini taratibu. Mara za mwanzo inaweza kutoka hewa, endelea.

Kama chini ya kitufe huoni kijiti ila tundu, maana yake kijiti kiko kwenye kitufe chenyewe. Hapo rudisha kitufe na upulize ukiwa umegusisha tundu lake na mdomo wa kichupa. Msipulizie kwenye faneli iliyo wazi, sehemu kubwa inageuka mvuke, na harufu nyepesi za mwanzo kama limau ndizo zinazotangulia kuondoka.

BiKidosho
Na hesabu? Watu hugombana hapo.

FundiMrija
Imebaki kama 75. Watatu wapeni mililita 15 kila mmoja, hiyo ni 45, na mwenye chupa abaki na 30 humo humo. Msipange kuimaliza yote, mrija wa ndani hauufikii kila upande wa kitako, na mililita moja au mbili hubaki. Kwa 0.1 kwa msukumo, kila kichupa ni misukumo kama 150, kwa hiyo pumzikeni katikati.

Msihesabu misukumo peke yake, pampu hazilingani. Wekeni kichupa kitupu kwenye mizani ndogo, sifurisheni, kisha jazeni. Mililita 10 za marashi ya spiriti huwa kati ya gramu 8 na 9. Uzito ukiwa sawa kwa wote watatu, mgawo ni sawa, kwa kuwa marashi ni yale yale. Na chagueni kichupa kikubwa kidogo kuliko ujazo wake, spiriti hutanuka kwa joto na kichupa kilichojaa hadi mdomoni kitavuja begini.

Mzee_Spiriti
Sawa, lakini bomba la sindano bado ni safi zaidi ya mrija.

FundiMrija
Kwa chupa inayofunguka, kweli. Ila angalia pistoni yake: ile yenye raba nyeusi hupakwa mafuta ya kulainisha, na spiriti huyabeba. Tafuta la plastiki tupu lisilo na raba, au la kioo. Na liwe la harufu moja tu, sawa na mrija wa silikoni, kwa sababu silikoni hunyonya harufu na kusuuza hakuiondoi yote. Kilichotoka hakirudi chupa mama hata kikizidi.

Jasmini_Usiku
Hapo umenigusa. Nilinunua dekanti ya waridi, siku ya kwanza ikanuka waridi, lakini chini yake kulikuwa na vanila ambayo haimo kwenye marashi hayo. Niliipuliza kwenye karatasi, asubuhi waridi limekwisha, vanila imebaki peke yake. Muuzaji alisema ni pua yangu. Nilipokifungua kichupa, kwenye nyuzi za kifuniko kulikuwa na rangi ya kahawia iliyoganda, na marashi yenyewe ni meupe. Kilikuwa kichupa kilichotumika. Sikurudishiwa hela.

BiKidosho
Jaribio la karatasi ndilo hasa, harufu nzito hubaki mwisho. Muombe muuzaji picha ya chupa mama pamoja na namba ya toleo kitakoni, na umuulize vichupa ni vipya au vimeoshwa.

Mzee_Spiriti
Namba hiyo hata bandia wanaigonga.

BiKidosho
Wanaigonga, ndiyo. Ndiyo maana nashikilia sampuli ya kiwandani.

Chembe77
Mwenzetu anauliza: hizo 30 zitakazobaki kwenye chupa ya 100 hazitaharibika kwa hewa nyingi? Azihamishie kwenye kichupa kidogo?

Mzee_Spiriti
Ahamishe, na aweke frijini.

FundiMrija
Mimi ningeziacha. Hewa kweli huchakaza harufu za machungwa, lakini kuhamisha nako kunaziingiza hewa tena. Giza na joto lisilopandapanda vinatosha kama atazimaliza ndani ya mwaka.

Mzee_Spiriti
Na kama hatazimaliza?