Tupeane uzoefu: tableti au karatasi, wapi bajeti yenu ya utafiti ilivuja?

Karani wa Kisauni: Salaam wenzangu. Naandaa bajeti ya kaya 600, dodoso kurasa 12, wahoji 10. Mdhamini ataka nilinganishe tableti na karatasi. Nyinyi mlitumia nini, na ni gharama gani mliisahau?

Bi Takwimu: Mimi niliisahau kazi ya kuingiza data, nayo ikaniuma zaidi ya uchapishaji. Kwa hesabu yako, kurasa 7,200 na asilimia 10 ya akiba ni 7,920. Hapa mjini nililipa shilingi 4 kwa ukurasa, basi ni 31,680. Lakini kila dodoso huingizwa mara mbili na watu tofauti ili makosa yaonekane. Hizo ni 1,200, karani mmoja kwa siku amaliza 30, kwa hivyo siku 40 za malipo ya 1,500. Ni 60,000. Jumla 91,680.

Nahodha: Ndiyo maana sensa ya 2019 ilitumia tableti. Ukiwa nazo, gharama ya data imekwisha.

Bi Takwimu: Haikwishi ndugu yangu, inatangulia tu. Fomu ya programu ya KoboToolbox lazima mtu aitengeneze na kuijaribu. Sisi tulikosea sharti moja la kuruka maswali. Wasio na watoto wakaulizwa chanjo, na wenye watoto wakarukwa. Tuligundua siku ya pili, jioni, nilipoona safu nzima tupu. Kaya 43 tulizirudia, nyingine ng'ambo ya Likoni. Tangu hapo natenga 30,000 za fomu na siku moja zaidi ya mafunzo, 15,000, ambayo wahoji huitumia mitaani, si darasani.

Mama Kongowea: Mie nilihoji wachuuzi 80 sokoni, kurasa 3. Karatasi ilitosha, nikaingiza mwenyewe siku mbili. Tena mikono yenye samaki na kioo cha tableti haviendani.

Karani wa Kisauni: Na bei ya tableti zenyewe? Nimeambiwa 17,000 moja.

Bi Takwimu: Kumi ni 170,000. Ukizitwika utafiti mmoja, pamoja na fomu na mafunzo ni 215,000, na karatasi imeshinda wazi. Ukizigawa kwa tafiti nne zilizokwisha kupata fedha, kila mmoja wabeba 42,500, jumla 87,500. Tofauti ni 4,180 tu. Ikipotea tableti moja, faida imeliwa.

Nahodha: Hapo nimekuelewa. Lakini ikiibwa, nani alipe? Kwetu walimkata mhoji, naye akaacha kazi katikati.

Bi Takwimu: Si haki kumkata. Mimi huweka tableti moja ya akiba na madodoso 30 yaliyochapishwa. Wakaguzi wa mdhamini wetu bado wanaipinga hiyo ya akiba.

Karani wa Kisauni: Mimi nina utafiti mmoja tu uliothibitishwa. Kesho naulizia za kukodi.