Nasoma wasifu wa baba Jumamosi, sauti inakatika palepale. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Tunamzika baba Jumamosi na familia imeamua mimi ndiye nisome wasifu wa marehemu. Kurasa mbili, maneno kama mia nne.

Jana nilijipima kwa simu: dakika tatu tu, nakimbia kama nafukuzwa. Nikaweka mkwaju kwa kalamu nyekundu kila pa kuvuta pumzi, nikachapisha upya kwa herufi kubwa. Sasa nafika dakika tano na watu wanasikia majina.

Shida ni aya ya baiskeli. Baba alinipeleka shule kwa ile Foeniksi miaka saba, nimekaa kwenye keria. Nikifika "alikuwa akinifunika na koti lake" koo linabana, na nikilazimisha kuendelea sauti inatoka nyembamba kisha nalia kabisa. Nikinyamaza, nikatoa pumzi yote taratibu, nikanywa funda la maji, mara nyingine inapita. Mara nyingine wapi.

Nakala ya pili atakuwa nayo binamu yangu, kurasa zilezile, mistari ileile, asimame pembeni yangu. Tumekubaliana nikimgusa mkono anapokea pale nilipoishia.

Waliowahi kusoma: hiyo aya niisogeze mwisho, ili nikishindwa mengine yawe yameshasomwa? Au nimwachie binamu tangu mwanzo? Mama anataka niisome mwenyewe. Na nikinyamaza sekunde kumi hivi, waombolezaji hawataanza kuimba wakidhani nimemaliza?