Ofa ya milioni 36 kwa mwaka: mkononi nitabaki na shilingi ngapi?

Mhasibu_wa_Moro: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka minne kazini hapa Morogoro, mshahara milioni 1.7. Nimepata ofa Dar. Kwenye simu niliambiwa "pakeji ya milioni 36 kwa mwaka", nikagawa kwa 12, nikaona milioni tatu, nikaanza kuulizia nyumba Kimara. Leo barua imefika. Ukurasa wa kwanza 36,000,000 imekolezwa wino. Kiambatisho cha nyuma kabisa kinasema kwa mwezi: mshahara wa msingi 1,800,000, posho ya nyumba 300,000, mchango wa mwajiri NSSF 210,000, bima ya afya na tozo nyingine za mwajiri 240,000, bonasi 450,000. Bodi ya Mikopo bado inanidai. Wanataka jibu Ijumaa.

Kobe_Mjanja: Hapo umepigwa, dada. Hizo tozo za mwajiri hutaziona hata siku moja. Halafu TRA wanabeba asilimia 30 ya milioni 2.1, yaani 630,000 imeondoka. Baki huko huko Moro ule mboga za bei rahisi.

Karani_Mishahara: Kobe, kwenye tozo umepatia, kwenye kodi umekosea. PAYE haikatwi asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, na NSSF ya mfanyakazi inatolewa kabla ya kodi.

Mhasibu, fuata hivi. Pesa inayopita kwenye salari slipu ni msingi na posho ya nyumba tu, 2,100,000. NSSF yako ni asilimia 10, 210,000. Inabaki 1,890,000, hiyo ndiyo inatozwa kodi. Milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, na zile 890,000 za juu yake ndizo zinakatwa asilimia 30, yaani 267,000. Jumla ya PAYE 395,000. Unabaki na 1,495,000. Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 270,000. Benki itaingia 1,225,000.

Mhasibu_wa_Moro: Yesu wangu. Kutoka milioni tatu?

Karani_Mishahara: Ndiyo, ila usiilinganishe milioni tatu yao na 1.7 yako, hivyo ni vipimo viwili tofauti. Wao wamehesabu gharama yote ya kukuajiri. Hata huyo bosi wako wa sasa anakulipia NSSF 170,000 na tozo juu yake, ila hajakuandikia. Linganisha mkononi kwa mkononi: sasa hivi, baada ya NSSF, kodi na Bodi, unapokea 988,000. Sawa?

Mhasibu_wa_Moro: 988,000 kamili. Umeniona benki nini?

Karani_Mishahara: Basi nyongeza yako halisi ni 237,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba na nauli za Dar zitoke humo. NSSF ya mwajiri ni akiba yako kweli, ila huwezi kwenda nayo sokoni. Ninachokiogopa mimi ni bonasi. Wameigawa kwa miezi 12 ionekane kama mshahara, wakati ni 5,400,000 inayolipwa mara moja, ikilipwa. Uliza tatu: inategemea nini, mwaka jana walilipa kiasi gani, na ukiondoka kabla ya siku ya malipo unapata chochote?

Wa_Matrah: Mie niko Maskati, huku kodi ya mshahara hatukatwi. Lakini nilipomaliza mkataba kiinua mgongo walikihesabu kwa mshahara wa msingi peke yake, na wangu walikuwa wameugawa nusu nzima kuwa maposho. Usikubali posho ya nyumba, mwambie aitie kwenye msingi.

Msela_wa_Mbezi: Kimara nyumba zipo dada, njoo inboksi.

Karani_Mishahara: Msela, hajauliza nyumba. Wa_Matrah ana hoja: hata kwetu, ukipunguzwa kazini, kiinua mgongo cha sheria ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka kumi. Ila kwa mwenye deni la Bodi kuna mtego. Hiyo 300,000 ikihamia kwenye msingi, Bodi wanaongeza 45,000, mkononi inashuka hadi 1,180,000. Deni litaisha mapema, lakini mwezi huu utauma.

Kobe_Mjanja: Mimi ningechukua ya mkononi. Kupunguzwa kazini nani anakupangia?

Mhasibu_wa_Moro: Nimewapigia asubuhi. Bonasi inategemea faida ya kampuni, mwaka jana walilipa nusu, na ukiacha kazi kabla ya Machi hupati kitu. Nimeomba msingi upande hadi milioni 2.1 na bonasi waipunguze, jumla yao ibaki karibu pale pale. Yule dada akacheka kidogo, akasema atamuuliza bosi. Kimara nimewaambia wasinishikie nyumba kwanza.