Bidhaa mpya: klipu fupi au posti ya maandishi? Nauza siagi ya karanga

mama_tatu_mbagala
Wadau habari zenu. Natengeneza siagi ya karanga nyumbani, wateja wangu wengi wako WhatsApp, Instagram nao wapo ila wachache. Siku zote nauza ile laini, sasa natoa mpya ya punjepunje, ni karanga na chumvi kidogo basi, hakuna sukari wala kile kiungo cha kuzuia mafuta yasijitenge. Kopo la gramu 400 ni sh 7,000. Mdogo wangu anasema nitoe klipu, jirani anasema picha moja na maelezo mazuri yanatosha, na mimi nina muda wa kufanya kimoja vizuri kabla ya wikiendi. Wasiwasi wangu mwingine hii mpya ikikaa siku mbili tatu mafuta yanapanda juu, na wateja wa ile laini hawajazoea kuona hivyo. Mngeanza na kipi?

kijana_wa_lenzi
Klipu dada, bila kufikiria mara mbili. Siku hizi maandishi hakuna anayesoma, TikTok na Instagram zinasukuma klipu mpaka kwa watu ambao hawakufuati kabisa, posti ya picha mara nyingi inaishia kwa haohao wako. Weka wimbo unaotamba, sekunde 30, mambo yanaenda yenyewe

juma_viatu
Mimi nauza mtumba wa viatu na nakataa. Nikiweka klipu napata makopakopa na "bei gani" nyingiii mpaka nachoka, nikiweka picha na saizi na bei pembeni mtu anakuja moja kwa moja "nitunzie hiyo 42". Halafu dada usilipie tangazo kama hujajua nani ananunua, hela inapotea bure

mama_tatu_mbagala
@juma_viatu silipii kaka, nauliza aina ya posti tu. Lakini hilo la "bei gani" nimelisikia

bi_mwanaidi
Mama Tatu, angalia kwanza watu wako wako wapi. Anachosema kijana ni kweli kwa Instagram na TikTok, ila WhatsApp hakuna kitu kinachokusukuma kwa wageni. Stetasi yako anaiona aliyesevu namba yako na wewe umesevu yake, na ujumbe wa kutuma kwa orodha haufiki kwa ambaye hajakusevu, wewe utaona umetuma kumbe kwake haujafika. Na kwenye magrupu wengi wamezima upakuaji wa kujiendesha ili kulinda bando, kwa hiyo klipu yako kwao ni kijipicha chenye ukungu na mshale, hajui ndani kuna nini, anapita. Maandishi yanasomeka hapohapo, na kesho akikumbuka anatafuta neno "karanga" kwenye simu anakupata. Kwa wateja ulionao tayari, tangazo la kwanza liwe maandishi na picha moja.

Ila hiyo bidhaa yako ina kitu kimoja ambacho maandishi hayakiwezi, nacho ni hayo mafuta. Ukiandika "mafuta yakipanda ni kawaida" mteja anasoma kama unajitetea, mtu akifungua kopo akaona mafuta yanaelea anawaza imeharibika. Akiona kijiko kinaingia, kinakoroga, mafuta yanarudi ndani na siagi inakuwa moja tena, hana swali. Kwa hiyo klipu ibebe hilo tu. Chukua kopo lililokaa mpaka mafuta yamepanda, sio jipya. Simu wima, uiegemeze kwenye kitu usiishike mkononi, kaa karibu na dirisha asubuhi, taa ya dari inaifanya siagi ionekane ya kijivu. Anza kifuniko kinafunguka na mafuta yanaonekana, usianze na lebo wala salamu, mtu anaamua kupita ndani ya sekunde mbili tatu. Kisha koroga, kisha paka kwenye mkate punje zionekane. Sekunde 15 hadi 20 zinatosha. Maneno yaandike juu ya picha, "mafuta yamepanda? koroga tu", kwa sababu wengi wanaangalia bila sauti wakiwa kwenye daladala au kazini.

kijana_wa_lenzi
Bila sauti sawa, ila wimbo unabeba klipu sana

bi_mwanaidi
Kama akaunti yake ameiweka ya biashara nyimbo nyingi zinazotamba hatazipata, TikTok wanaiwekea akaunti ya biashara maktaba yake na Instagram nako zinapungua. Mimi ningeacha mlio wa kijiko na kopo

mama_tatu_mbagala
Nimeelewa, hapo kwenye kopo lililokaa nisingewaza kabisa. Maandishi nimeandika hivi: "Wapendwa wateja, kwa furaha kubwa tunawaletea bidhaa bora yenye ladha ya kipekee, siagi ya karanga mpya, nzuri kwa afya, inafaa kwa wagonjwa wa kisukari, karibuni inbox kwa bei."

bi_mwanaidi
Hapo mteja amemaliza kusoma hajui ni ya punjepunje, hajui bei, hajui aipate wapi. Na hilo la kisukari litoe kabisa, kutokuwa na sukari ya kuongeza sio sawa na kumfaa mgonjwa, na kuna mtu atakuamini kwenye afya yake. Jaribu hivi:

"Siagi ya karanga ya PUNJEPUNJE imetoka. Karanga na chumvi tu, haina sukari ya kuongeza. Kopo gramu 400, sh 7,000. Mafuta yakipanda juu koroga, iko salama. Unachukua Mbagala au naituma kwa boda, nauli ni ya mteja. Andika PUNJE na idadi ya makopo."

Mstari wa kwanza ubebe jina la kitu, maana Instagram inakata maelezo na kuficha yanayofuata.

neema_wa_chanika
Mimi nashauri bei iwe pia ndani ya klipu yenyewe, maandishi makubwa mwishoni. Klipu inasambazwa bila maelezo yake, mtu anaipata kwa shangazi yake hajui hata wewe ni nani

bi_mwanaidi
Namba ya simu ndani ya klipu ndiyo. Bei hapana, karanga zikipanda sokoni klipu inaendelea kuzunguka na bei ya zamani na huwezi kuirekebisha. Maelezo ya Instagram unaediti muda wowote, ingawa ujumbe wa WhatsApp nao una dakika 15 tu za kurekebisha.

neema_wa_chanika
Bado naona bora mtu aje na bei ya zamani umweleze kuliko asije kabisa

juma_viatu
Neema yuko sahihi, mtu asiyejua bei anajiambia ni ghali

mama_tatu_mbagala
Na nitajuaje kipi kimeleta wateja? Vitu vyote vinaishia WhatsApp yangu

bi_mwanaidi
Tengeneza linki mbili, namba bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha, %20 ni nafasi kati ya maneno:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimeona%20klipu
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=PUNJE
```

Ya klipu iweke kwenye wasifu wa Instagram, kwenye maelezo ya posti haibonyezeki. Ya pili iende na maandishi kwenye magrupu. Anayebonyeza anafika kwako neno limeshajiandika. Hesabu waliolipa, sio walioandika. Na kumbuka wa WhatsApp wanakujua tayari na wa Instagram ni wageni, kwa hiyo wakizidi wa maandishi isikufanye uitupe klipu.

mama_tatu_mbagala
Basi maandishi yanatoka kesho jioni, klipu naisubirisha mpaka kopo lipandishe mafuta vizuri. Bei ndani ya klipu bado sijaamua, Neema na Juma mmenitikisa

kijana_wa_lenzi
Kabla ya kurekodi futa lenzi ya simu kwa kitambaa kikavu, ukishika karanga vidole vinakuwa na mafuta na klipu yote inatoka na ukungu