Mshale unapitiliza nikichora: nichukue kipanya cha 8000 Hz?

KalamuNyeusi: Wakuu, habari zenu. Nachora nembo kwenye Illustrator kutwa nzima. Nikitaka kunasa nukta ndogo ya mchoro, mshale unapitiliza. Nikiurudisha, unapitiliza tena. Kiganja kimeanza kuuma. Nasikia kipanya cha 8000 Hz kinatuliza mshale. Nichukue?

MzeeWaNyaya: Mkuu, sasa hivi uko Hz ngapi, na DPI ngapi?

KalamuNyeusi: Hz ni 125. DPI sidhani kama inahusika.

Chapchap: Panda 1000 Hz, utatulia. DPI usiiguse, ikiwa kubwa ndiyo usahihi.

MamaLeja: Mimi nashinda kwenye majedwali na kipanya kisicho na waya. Nilipopandisha hadi 1000, betri ikawa haikai. Nikarudi 125, tofauti sikuiona. Angalia betri kwanza.

MzeeWaNyaya: Dada, hapa betri haina kosa. Kwa 125 Hz kipanya kinatoa taarifa kila milisekunde 8, na skrini ya 60 Hz hubadilisha picha kila milisekunde 17 hivi. 1000 inalainisha kidogo, lakini haizuii kupitiliza. KalamuNyeusi, DPI ngapi?

KalamuNyeusi: 6400. Ila nina skrini mbili, nikipunguza mkono utachoka. Na hicho kipya nimeshakiagiza.

Sikubali: Hii chai. Umeshaagiza halafu unaomba ushauri? Huyu anatangaza kipanya, msipoteze muda.

KalamuNyeusi: Sitangazi, hata jina la kampuni sijataja. Agizo naweza kulifuta.

MzeeWaNyaya: Iwe chai au isiwe, kuna wengine wana shida hii. Kwa 6400, mkono ukisogea milimita moja mshale unaruka pikseli 250 hivi. Mkono gani utasimama kwenye nukta hapo? Kwa 1200 ni pikseli 47. Skrini mbili za pikseli 1920 unazivuka kwa sentimita 8, hiyo si safari.

Bonyeza Windows na R, andika:

```
main.cpl
```

Kwenye Pointer Options weka kasi alama ya sita, katikati kabisa, kisha ondoa tiki ya Enhance pointer precision. Hiyo ndiyo inayobadilisha umbali kufuata mwendo wa mkono. Kabla hujaiondoa, shusha DPI hadi 1200, weka mshale katikati ya skrini ya kushoto na ulaze rula mezani: sogeza kipanya sentimita 5 kulia polepole, kirudishe haraka hapohapo. Mshale usiporudi ulipoanzia, tiki inafanya kazi.

KalamuNyeusi: Rula imeonyesha: mshale ulipita mbali kushoto kwa pale ulipoanzia. Nimeondoa tiki na kubaki na 1200. Nukta nazinasa. Ila kuvuka skrini mbili bado naona mbali, na huwa navuka kila mara kufuata paleti ya rangi.

Chapchap: Jaribu 1600 basi, sentimita 6.

MzeeWaNyaya: Au hamishia paleti kwenye skrini unayochorea. Kaa na 1200 wiki nzima kwanza, mkono unahitaji kuzoea.

Sikubali: Na agizo umelifuta?

KalamuNyeusi: Bado.